Ninunue au nikodi gari la kusambazia mikate?

"Wadau, gari la mikate hapa Nairobi: ninunue kwa milioni 2 au nikodi kwa 600,000 kwa mwaka, miaka 4? Fundi wa kulikagua nimeshamlipa 8,000."

Ndugu, hizo 8,000 zimekwenda, na mafuta na mshahara wa dereva utalipa vyovyote vile, kwa hiyo viache kando. Aliyetangulia kukushauri ununue kwa sababu utaokoa 600,000 kwa miaka minne, yaani milioni 2.4 za kukodi ukitoa milioni 1.8 za kununua, kutunza na kisha kuliuza gari, amejumlisha sawasawa, ila amesahau kwamba shilingi ya mwaka wa nne haina uzito wa shilingi ya leo.

Tuseme mkopo wako una riba ya 14% kwa mwaka, na tuitumie hiyo kupunguza uzito wa shilingi za miaka ijayo. Ukikodi na kulipa kila mwanzo wa mwaka, malipo yote yana thamani ya leo ya takriban 1,993,000. Ukinunua, ukaweka 150,000 kila mwisho wa mwaka kwa bima na matengenezo ambayo mwenye gari angeyabeba, kisha ukaliuza kwa 800,000 mwisho wa mwaka wa nne, gharama kwa thamani ya leo ni takriban 1,963,000. Tofauti ni 30,000 tu. Bei ya kuuzia ikishuka chini ya 750,000, kukodi ndiko nafuu, nami kwa gari linalozunguka Eastleigh kila alfajiri nina shaka na hiyo 800,000. Nafuu ya kodi ya mapato sijaigusa.