Kuhariri filamu ya kushua jahazi: kufupisha miezi, kurefusha sekunde

Anayehariri filamu ya kushua jahazi kijijini Matondoni, Lamu, anakabidhiwa nyakati tatu zisizolingana hata kidogo. Kujenga chombo huchukua miezi. Kungoja maji yajae huchukua saa. Halafu lile jambo lenyewe ambalo kijiji kizima kimetoka kulitazama, chombo kuteleza kutoka mchangani hadi kikaelea, huisha kabla hujameza mate. Ukizipanga picha kwa kufuata saa ya mkononi, mtazamaji atachoka kwenye mbao na furaha itampita.

Katika filamu niliyoihariri, miezi ya ujenzi ilikaa kwenye sekunde 40 hivi, na mteremko wa mwisho, ambao kwa kweli ulikuwa wa sekunde 9, ukafika 30. Nitaeleza nilivyozipata hizo 40 na hizo 30, kwa sababu njia zake ni mbili tofauti na wengi wanaoniletea kazi zao huzichanganya.

Nianze na ujenzi. Hapa kazi ni ya montaji: vipande vifupi vilivyotolewa siku mbalimbali, vikiunganishwa ili mtazamaji ahisi muda umepita bila kuuona ukipita. Kinachompa hisia hiyo ni mabadiliko. Kila kipande lazima kionyeshe chombo kikiwa mbele kidogo kuliko kilivyokuwa katika kipande kilichotangulia: mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, uko peke yake mchangani, kisha mataruma yamesimama kama mbavu, kisha mbao zimefika nusu ya ubavu, kisha zimefika juu, kisha mafundi wanatia kalafati, kisha shahamu nyeupe inapakwa chini. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama montaji inafanya kazi. Chukua vipande viwili vinavyofuatana, vibadilishane nafasi, kisha tazama. Kama hakuna kilichoharibika, basi hujaeleza muda. Umepanga picha nzuri tu. Fundi anapiga tezo, fundi anakata msumeno, fundi anazungusha keke: vyote vinapendeza, lakini ukivipangua havilalamiki. Weka kimoja tu, kisha rudi kwenye chombo kinachokua.

Kenya tunapiga picha kwa fremu 25 kwa sekunde, na katika sehemu hii nilihesabu fremu. Kipande cha mkuku nilikipa sekunde 5, maana macho yanahitaji kujua yako wapi. Vilivyofuata vikapungua polepole hadi cha mwisho kikawa na sekunde 2 na nusu. Kupungua huko ndiko kunakomfanya mtu akae mbele kitini. Anahisi siku inakaribia ingawa hakuna aliyemwambia. Sauti nilifanya kinyume chake. Nyundo ya kalafati, niliyoirekodi mara moja, iliendelea bila kukatika chini ya vipande vyote. Picha zinaruka wiki nzima, sauti inatembea kama ya asubuhi moja, na kwa sababu hiyo mruko haumshtui mtu.

Kungoja maji kulinisumbua kidogo tu. Vyombo vikubwa hushuliwa wakati wa bamvua, maji yanapopanda juu kabisa, na mkoko hauongopi: nilikuwa na picha tatu zilizopigwa kutoka stendi isiyosogezwa, mizizi ikiwa wazi, mizizi nusu, mizizi imefunikwa. Zilitosha. Hapo hapo nitoe onyo. Mtazamaji wa Nairobi hatagundua ukiweka picha ya mchanga mkavu baada ya picha ya maji yaliyofika kwenye mkuku. Mtazamaji wa Lamu atagundua papo hapo, kwa kuwa maji ndiyo saa yake tangu utotoni. Akishagundua, hataamini tena chochote utakachomwonyesha. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote nilivipanga vipande vyote vya siku ile kwa kina cha maji, nikavipa majina kwa mpangilio huo.

Sasa mteremko. Hapa sharti la kwanza ni mwendelezo, yaani mikato isionekane, mtu adhani anatazama tendo moja. Tulikuwa na kamera mbili. Pwani ilikuwa kushoto, maji kulia, na chombo kilisogea kulia. Chora mstari mawazoni kufuata njia ya chombo. Maadamu kamera zote ziko upande mmoja wa mstari huo, chombo kitakwenda kulia katika kila picha. Lakini kijana wa kamera ya pili alivutwa na umati, akavuka kwenda upande wa pili, na picha zake bora zinaonyesha chombo kikienda kushoto. Ukiziunganisha moja kwa moja na zile za kwanza, jahazi linaonekana limekata shauri kurudi nchi kavu.

Wengine hugeuza picha ile kwa kompyuta, kushoto ikawa kulia. Msifanye hivyo. Jina la chombo lililochorwa tezini litasomeka kinyume, na wavutaji wote watakuwa wa mkono wa kushoto. Nilichofanya ni kuweka kipande kisichokuwa na upande katikati: picha iliyopigwa mbele kabisa, juu ya mstari wenyewe, omo ikija moja kwa moja kwenye kamera. Baada ya picha hiyo jicho linasahau upande, na unaweza kuendelea kutokea ng'ambo. Picha ya karibu ya mikono iliyoshika kamba nayo inafaa, mradi kamba isielekee wazi kushoto au kulia.

Mkato wenyewe uwekwe ndani ya mwendo. Wavutaji wanainama, wanaegemea nyuma, wanavuta, wanapumzika. Mwanafunzi hupenda kukata wanapopumzika kwa sababu pana utulivu. Hapo ndipo mkato huonekana zaidi. Kata migongo inapoanza kulala nyuma, na kipande kinachofuata kianze migongo ikiwa katika mkao ule ule au fremu 2 au 3 kabla yake. Jicho liko mbioni kufuata mwendo, halina nafasi ya kuuona mkato.

Kutoka hapo ndipo sekunde 9 zinaporefuka. Badala ya kurudia fremu 3, unarudia zaidi. Tunauona mkuku unaanza kuteleza kwa mbali, tunakata kwenda kwenye magogo yaliyo chini yake, nayo yanaanza kuviringika tangu mwanzo, tunakata kwenda kwenye miguu ikikimbia mchangani, tena karibu na mwanzo, kisha watoto, kisha kamba. Kila kipande kinarudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele. Sergei Eisenstein alifanya hivyo katika filamu yake ya mwaka 1925 kuhusu meli ya Potemkin: kwenye ngazi za Odesa askari wanashuka na kushuka, na mteremko ule unachukua muda mrefu kuliko ngazi zenyewe zinavyoweza kuchukua. Anayetazama hahesabu vidato. Hofu imemshika, na kwa mwenye hofu muda ndivyo unavyokwenda.

Mpaka wake upo. Kinachokufichua ni kitu kimoja kinachosogea na kinachoweza kupimwa kwa macho. Kwetu lilikuwa gogo la mbele. Kama mkuku umeshalipita gogo hilo katika kipande kimoja, halafu kipande kinachofuata unaonyesha bado haujalifikia, mtu atahisi amedanganywa hata kama hajui kwa nini. Ili kuliona hilo, zima sauti, tazama sehemu yote ukikazia macho gogo peke yake, halafu rudia ukikazia kamba. Penye kasoro, aidha bana picha zaidi ili gogo lisionekane, au weka uso wa mtu hapo katikati. Uso hauna kipimo cha umbali.

Na wimbo wa kuvutia chombo je? Huu niliuacha ukiimbwa mfululizo, mwitiko na mwito, bila kukatwa. Ulirekodiwa katika mivuto ya mwanzo, ilipokuwa mingi, kwa hiyo ulitosha kufunika sekunde 30. Masikio yakisikia wimbo usiovunjika, macho husamehe mengi. Ila sikukata picha kwenye kila pigo la wimbo. Mikato ikifuata kila pigo, baada ya mara nne mtazamaji anajua mkato ujao uko wapi, na tendo linageuka ngoma. Mingi niliitanguliza fremu chache kabla ya pigo, ili mvuto uonekane kwanza, sauti iufuate.

Imebaki nyuso, na hapa ndipo ninapoomba uangalifu mkubwa zaidi. Tulikuwa na picha ya karibu ya fundi mkuu: macho yamekaza, midomo imefungwa, haonyeshi chochote waziwazi. Picha kama hii ni mali, na hatari yake inajulikana tangu enzi za mwongozaji filamu Lev Kuleshov kule Urusi, karibu miaka 100 iliyopita. Kadiri mwanafunzi wake Pudovkin alivyosimulia, waliunganisha uso ule ule wa mwigizaji na sahani ya supu, na maiti ya mwanamke jenezani, na mtoto anayecheza; watazamaji wakaona njaa, huzuni na upendo katika uso ambao haukubadilika.

Kwa hiyo ningeweza kumfanya fundi yule awe chochote. Msaidizi wangu alitaka tumweke baada ya chombo kuelea, tuone uchungu wa mtu anayeagana na kazi yake. Ingewatoa watu machozi. Nilikataa, kwa sababu picha ile ilipigwa kabla ya mteremko, na hiyo ni filamu ya maisha ya mtu aliye hai anayeswali msikiti mmoja na watakaoitazama. Nilimwonyesha, nikamuuliza, "Mzee, hapa ulikuwa unatazama nini?"

"Kamba hiyo, mwanangu. Ilikuwa kuukuu. Nikasema ikikatika sasa, itamvunja mtu."

Basi nikaanza na kamba: picha ya karibu, imekaza, nyuzi zinatetemeka. Uso wa fundi. Kamba tena. Kisha mivuto. Ile sehemu ilikuwa imelala, na vipande vitatu tu viliiamsha, kwa kuwa sasa mtazamaji anajua kuna kitu kinaweza kuharibika. Hofu hiyo ndiyo inayozibeba zile sekunde 30. Bila kamba zingekuwa kelele na mchanga. Uso niliukata pale anapopepesa macho. Walter Murch, mhariri wa Marekani, ameandika kwamba mtu hupepesa wazo moja linapokwisha, na kwangu hilo limekuwa likinisaidia kila mara: kata kabla ya hapo na wazo lake unalikatiza, chelewa sana na uso unakuwa mtupu.

Kama bado hujaenda kupiga picha, haya yote yanategemea utakachorudi nacho. Kaa upande mmoja wa chombo. Kabla ya mteremko, ukiwa na muda, piga karibu mikono, miguu, magogo, kamba, na nyuso za watu wanaotazama kitu unachokijua, kisha kipige na kitu hicho wanachokitazama. Kila kipande kiache kitembee sekunde 5 kabla ya tendo na 5 baada yake. Hizo ndizo za kurudia nyuma unapotaka kurefusha. Na mpe mtu mmoja kinasa sauti, akae na waimbaji, asikizime mpaka chombo kimeelea.