Kilo za mimba zinaenda wapi? Maswali yenu ya wiki hii

Dada mambo, nina wiki 28, urefu wangu mita 1.60, kabla ya mimba nilikuwa kilo 58 na saivi ni 66. Ultrasaundi wameniambia mtoto ana kama kilo 1. Sasa hizo 7 zingine ni nini, au nimenenepa tu?

Poa mpenzi. Hujanenepa tu, na wanaokuambia hivyo wakuache kwanza.

Tuzihesabu. Mtoto kilo moja na kidogo, sawa. Kondo la nyuma kwa wiki hizo linakaribia nusu kilo, maji yanayomzunguka mtoto ni kama robo tatu ya kilo. Mfuko wa uzazi wenyewe, ambao kabla ya mimba haufiki hata gramu 100, saivi una kama gramu 600 za nyama tupu. Matiti yameongeza gramu 300 na kitu hivi hata kama maziwa hayajaanza kutoka. Afu kuna damu, hii watu wengi hawaijui, damu ya mama mjamzito inaongezeka mpaka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo mwanzo, kwa hiyo hapo kuna kilo moja na zaidi inayozunguka mwilini, ndo maana moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi. Jumlisha zote hizo unapata kilo 4 na kitu mpaka 5. Zinazobaki, kama 3 hivi, ndo mafuta, yamekaa mapajani, kwenye nyonga na mgongoni, na mwili umeyaweka makusudi kwa ajili ya kunyonyesha.

Tena mafuta mengi huwekwa kabla ya wiki ya 30, baadaye ndo mtoto anaanza kukua kwa kasi. Kwa hiyo kuona mama kaongezeka 8 na mtoto ana 1 katika wiki yako ni kawaida kabisa.

Kama 8 ni sawa kwako, piga hivi: zidisha urefu kwa wenyewe, 1.6 mara 1.6 ni 2.56, gawa 58 kwa hiyo unapata kama 22.7. Aliyeanza kati ya 18.5 na 24.9 anatakiwa aongezeke kilo 11.5 mpaka 16 kwa mimba nzima. Miezi mitatu ya kwanza ni nusu kilo mpaka 2 tu, baada ya hapo kama gramu 400 kila wiki. Wewe kuanzia wiki ya 13 mpaka leo ni wiki 15, hiyo ni kama kilo 6, weka na zile za mwanzo unafika 7 na kitu au 8. Ukiendelea hivi utajifungua ukiwa kwenye 71, uko vizuri tu.

Mimi nimeanza mimba nina kilo 76 na urefu 1.58. Mama mkwe kila saa ananiletea uji na chapati anasema nakula kwa ajili ya watu wawili. Mimi natamani hata niache chakula cha usiku nipungue.

Wote wawili muende taratibu, yeye na wewe.

Kwa hesabu ile ile wewe unakuja kwenye 30 na kidogo, na kuanzia 30 kwenda juu kinachoshauriwa ni kilo 5 mpaka 9 mimba nzima. (Aliyeanza kati ya 25 na 29.9 ni 7 mpaka 11.5, na aliye chini ya 18.5 anaruhusiwa mpaka 18, maana hana akiba.) Kwa nini yako ni ndogo? Mtoto, kondo, maji, damu, mfuko wa uzazi na matiti mpaka mwisho wa mimba vinafika kama kilo 7 au 8 kwa mama yeyote, mnene au mwembamba. Mwenzio anaongeza mafuta juu yake, wewe mafuta ya kunyonyeshea tayari unayo, kwa hiyo huna haja ya mengine. Yakiongezeka sana ndo kunakuja kisukari cha mimba, mtoto mkubwa kupita kiasi na upasuaji, omba upimwe sukari, hasa kati ya wiki ya 24 na 28.

Kuacha kula usiku usifanye, mimba siyo wakati wa kujipunguza. Na mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji chakula cha ziada, na kuanzia mwezi wa nne nyongeza kwa mtu wa uzito wa kawaida ni kama kalori 340 kwa siku, yani yai moja la kuchemsha, ndizi mbivu moja na kikombe cha maziwa, basi. Kwako hata pungufu ya hapo. Akitaka kukuletea kitu alete maharage, dagaa na mchicha, soda na chapati za mafuta apunguze.

Nina wiki 11, natapika kila kitu na nimepungua kilo 2. Mtoto atakosa chakula?

Pole mdogo wangu. Kwa saivi mtoto ni mdogo mno, haijafika hata sentimita 5, anachohitaji ni kidogo sana, wengi wanapungua kilo 1 au 2 na wanazirudisha kuanzia mwezi wa nne. Ila kama hata maji hayakai tumboni, mkojo umekuwa mchache na mweusi, au umepungua zaidi ya asilimia 5 ya uzito wako (kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3) nenda hospitali, utawekewa dripu.

Wiki ya 34, wiki iliyopita nilikuwa 70 leo ni 72.5, pete haivuki kidole na asubuhi naamka uso umevimba. Ni mtoto anakua?

Hapana dada, na hili usisubiri kliniki yako ijayo, nenda LEO.

Mtoto wa wiki hizo anaongeza kama gramu 200 kwa wiki, hawezi kuleta kilo mbili na nusu. Mafuta nayo hayaji kwa kasi hiyo. Kinachopanda ghafla namna hii ni maji, na maji yakijaa usoni na mikononi huwa naogopa presha ya mimba, ile ambayo isipotibiwa inaleta kifafa cha mimba. Miguu kuvimba jioni baada ya kusimama siku nzima ni kawaida, uso kuvimba asubuhi siyo. Wakupime presha na protini kwenye mkojo, ikifika 140 kwa 90 usikubali kurudishwa nyumbani bila maelezo. Kama pia kichwa kinauma sana, unaona ukungu au vimulimuli, au panauma chini ya mbavu kulia, usiende peke yako. Kupunguza chumvi na kujinyima maji hakutibu hii kitu.

Inawezekana ni mizani tofauti au ulipimwa na viatu, sawa, lakini hilo lithibitishwe hospitali baada ya kupimwa presha.

Nimejifungua wiki mbili zilizopita, niliongeza 13, zimetoka 8. Hizi 5 zinatokaje?

Mtoto, kondo na maji vilitoka siku ile ile, kama kilo 5. Mkojo na jasho la wiki hizi mbili vimetoa maji mengine. Mfuko wa uzazi unaendelea kusinyaa mpaka kama wiki ya 6. Kilichobaki zaidi ni yale mafuta, na kunyonyesha kunatumia kama kalori 500 kwa siku, kwa hiyo kula ushibe, nyonyesha, na usijifunge mkanda ukidhani unayeyusha kitu.