Milioni 12: mkupuo au awamu?

— Nina milioni 12 taslimu. Niweke zote kwenye mfuko wa hisa leo, au milioni 1 kila mwezi?

— Mara nyingi mkupuo hushinda, kwa sababu ukigawa, fedha inasubiri nje ya soko kwa wastani wa miezi mitano na nusu. Soko likipanda asilimia 1 kila mwezi, baada ya mwaka mkupuo unafika milioni 13.52; awamu zinafika 12.81, ukiacha riba ya akiba. Likishuka, mambo yanageuka: bei ya kipande ikitoka 100 hadi 78 kwa hatua sawa, mkupuo unabaki 9.36, awamu 10.58. Kugawa ni kununua bima, na bima haipatikani bure. Ukigawa, weka agizo la kudumu benki. Wengi husitisha soko likianguka, yaani pale pale awamu zinapoanza kuwafaa. Na kama kila ununuzi una ada isiyobadilika, awamu nne zinatosha.

— Mimi nakatwa kwenye mshahara kila mwezi na sijajuta. Awamu ndiyo mpango!

— Wewe huna rundo linalosubiri, ndugu. Unawekeza kila unachopata siku unayokipata. Huo ni mkupuo mdogo mdogo.

— Sawa, lakini hiyo 9.36 ingeninyima usingizi.