Sheria iliyokuja baada ya moto

Safari hii maswali mengi yamegusa jambo moja: je, mtu anaweza kuadhibiwa kwa sheria ambayo haikuwepo siku alipotenda? Nimechagua matano.

"Wakili, mtu akifanya uovu ambao kila mwenye akili anajua ni uovu, tumwache tu kwa sababu bunge limechelewa?"

Mahakama ya jinai imwache, ndiyo. Uovu na kosa la jinai ni vitu viwili. Kuna uovu mwingi ambao haujawahi kuwa kosa, na kuna makosa ambayo huwezi kuyaita uovu.

Mfano ninaoupenda ni wa umeme. Mwishoni mwa karne ya 19, nishati hii ilipokuwa bado ngeni Ujerumani, walikuwepo watu waliojiungia waya na kutumia umeme wa wenzao bila kulipa. Wakashtakiwa kwa wizi. Lakini kifungu cha wizi kilimzungumzia mtu anayechukua kitu cha mwenzake, kitu kinachoweza kubebwa kutoka mahali hadi mahali. Mahakama Kuu ya Ujerumani ikajiuliza: umeme ni kitu? Mwaka 1896, na tena 1899, ikajibu kwamba si kitu kwa maana ya kifungu kile, na kwa hiyo hakuna wizi. Majaji hawakuona kwamba kitendo kile ni kizuri. Walichokataa ni kulivuta neno hadi lifike lisikotumwa. Bunge likaamka, na tarehe 9 Aprili 1900 ikatoka sheria fupi mahususi kwa kuiba umeme.

Waliojiungia kabla ya hapo hawakuguswa na sheria hiyo. Kumdai mtu fidia ni kesi ya madai, na hiyo ina njia yake. Gharama ya kusubiri ilikuwa wajanja wachache kuponyoka. Ambacho jamii ilikipata ni kwamba kila mtu, wajanja na wasio wajanja, aliweza kusoma kifungu na kujua mwisho wake uko wapi.

"Mimi naelewa kosa jipya lisirudi nyuma. Lakini kama kosa lilikuwepo tangu zamani na serikali imeongeza adhabu tu, mkosaji analalamika nini? Si alijua anakosea?"

Hoja hii ilishawahi kupelekwa mahakamani, ikashinda, na mtu akakatwa kichwa. Tuifuate tarehe kwa tarehe.

Usiku wa 27 Februari 1933 jengo la bunge mjini Berlin liliungua. Ndani yake alikamatwa kijana wa Kiholanzi, Marinus van der Lubbe, umri miaka 24. Usiku ule adhabu ya juu kabisa ya kuchoma jengo kwa namna ile ilikuwa kifungo cha maisha. Kesho yake, 28 Februari, ikatoka amri ya dharura iliyoweka kifo kwa baadhi ya makosa ambayo awali adhabu yake ilikuwa kifungo cha maisha, uchomaji moto ukiwemo. Amri hiyo peke yake haikumfikia, kwa sababu yeye alikuwa ameshatenda na ameshakamatwa.

Tarehe 24 Machi ikatoka sheria iliyoipa serikali ya Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge, hata zinazokwenda kinyume na katiba. Siku 5 baadaye, tarehe 29 Machi, serikali ikaitumia. Ikatangaza kwamba adhabu ya kifo iliyowekwa na ile amri itahusu pia vitendo vilivyofanyika kati ya 31 Januari na 28 Februari. Tazama madirisha ya tarehe hizo. Hazikuchaguliwa kwa bahati. Wajerumani wenyewe waliibatiza sheria hiyo jina la van der Lubbe, maana kila mtu alijua imeshonwa kwa kipimo cha nani.

Ibara ya 116 ya katiba yao ilisema kitendo kinaadhibiwa tu ikiwa kuadhibika kwake kuliwekwa na sheria kabla hakijatendwa. Wanasheria walioitetea serikali wakang'ang'ania neno hilo hilo unaloling'ang'ania wewe: *kuadhibika*. Kuchoma nyumba kulikuwa kosa tangu zamani, wakasema, kwa hiyo kuadhibika kulikuwepo. Kilichobadilika ni kiwango tu, na katiba haikutaja kiwango. Mahakama ikamtia hatiani van der Lubbe tarehe 23 Desemba 1933, wenzake 4 walioshtakiwa pamoja naye wakaachiwa huru, naye akanyongwa? Hapana, alikatwa kichwa kwa mashine mjini Leipzig, tarehe 10 Januari 1934, siku 3 kabla ya kutimiza miaka 25.

Sasa rudi kwenye swali lako. Alijua anakosea, sawa. Lakini kujua unakosea si sawa na kujua utalipa nini. Na hata tukimweka kando yeye, mtazame aliyetunga sheria. Anayetunga sheria ya kesho hajui itamkamata nani. Inaweza kumkamata mwanawe. Kutokujua huko ndiko kunakomfanya apime. Anayetunga sheria ya jana ana jina la mtu mezani, na mtu mwenyewe yuko rumande. Hapo hatungi sheria tena, anatoa hukumu bila kusikiliza shahidi hata mmoja. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko ile ya "hakupewa taarifa", ambayo vitabu huitanguliza.

Baada ya vita mikataba iliziba mwanya huo kwa maneno ya wazi. Azimio la Dunia la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 11, halikuishia kwenye kosa. Linasema pia kwamba mtu asipewe adhabu nzito kuliko ile iliyokuwepo wakati kosa lilipotendwa. Hukumu ya van der Lubbe nayo ilifutwa Ujerumani, mwishoni mwa 2007. Yeye hakuwepo.

"Vipi kuhusu Nuremberg? Pale si walihukumiwa kwa sheria iliyoandikwa baada ya vita?"

Kwa sehemu, ndiyo, na anayekataa kabisa anajipendelea. Hati iliyounda mahakama ile ya viongozi wa utawala wa Hitler ilitiwa saini London tarehe 8 Agosti 1945, vita vikiwa vimekwisha Ulaya.

Lakini mashtaka hayakuwa na uzito mmoja, yatenganishe. Kuua mateka na raia kulikatazwa na kanuni za The Hague za 1907, na kuua ni kuua hata katika sheria ya jinai ya Ujerumani yenyewe. Aliyeamuru watu wapigwe risasi hawezi kusema ameshtushwa. Shtaka lililolegea ni la kuanzisha vita vya uchokozi. Mkataba wa Paris wa 1928 ulikataa vita kama chombo cha siasa, na Ujerumani iliusaini, ila haukusema popote kwamba kiongozi mmoja mmoja atafungwa au kunyongwa akiuvunja. Mahakama ilijibu kwamba kanuni ya sheria kutorudi nyuma ni kanuni ya haki, na kwamba mshambulizi anayevunja ahadi za nchi yake hawezi kutojua kuwa anakosea, hivyo kumwachia ndiko kungekuwa dhuluma.

Mimi jibu hilo silipendi. Ni lile lile la "alijua anakosea" tulilolikuta Leipzig. Nafuu iliyopo ni kwamba wengi wa walionyongwa walikuwa na hatia ya mauaji pia, kwa hiyo shtaka la vita halikusimama peke yake shingoni mwao. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai imejifunza hapo: haiwezi kumhukumu mtu kwa lililotendwa kabla ya mkataba wake kuanza kutumika, 1 Julai 2002.

"Majaji wakibadilisha maana ya sheria ya zamani, mshtakiwa wa kwanza si anaonewa vile vile?"

Swali zuri kuliko majibu yaliyopo. Uingereza, kwa zaidi ya miaka 200, mahakama zilishikilia kwamba mume hawezi kumbaka mkewe, kwa kuwa mke alikubali siku ya ndoa. Mwaka 1991 mahakama ya juu ikasema hiyo si sheria tena, na mume aliyekuwa mbele yake akabaki na hatia yake. Shauri lilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo mwaka 1995 ilisema hakuna uvunjaji, kwa sababu majaji walikuwa wamekwisha kuumega ule msamaha kidogo kidogo, wakianza na mume aliyetengana na mkewe kwa amri ya mahakama, kisha mwingine, kisha mwingine. Mtu aliyepata ushauri wa kisheria angeona mwelekeo.

Matokeo nayaunga mkono. Njia yake inanikosesha raha kidogo. Kipimo ambacho mahakama hutumia ni kama mabadiliko yangeweza kutabirika na kama yanabaki ndani ya kiini cha kosa. Ukilinganisha na umeme utaona tofauti: kule neno lenyewe lilikuwa halijafika, huku neno "kubaka" lilikuwepo, na kilichoondolewa ni kinga iliyobandikwa juu yake.

"Muda wa kushtaki ukiisha, bunge linaweza kuurefusha?"

Inategemea ulikuwa umeisha kweli au bado unaendelea. Ukiwa bado unaendelea, mahakama nyingi huruhusu, kwa hoja kwamba kosa na adhabu havijaguswa, kilichosogezwa ni siku ya mwisho ya kufungua kesi. Ukishaisha, mambo hubadilika. Kalifornia ilitunga sheria mwaka 1993 iliyofufua kesi za udhalilishaji wa watoto zilizokwisha muda, na mzee mmoja akashtakiwa mwaka 1998 kwa mambo yanayodaiwa kutendeka kati ya 1955 na 1973. Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 2003, iliikataa kwa kura 5 dhidi ya 4. Kura 4 hizo si haba, maana watoto wale waliogopa kusema kwa miaka, na hilo halina jibu jepesi.

Ujerumani Magharibi ilikuwa upande wa pili wa mstari huo. Mauaji yalikuwa na ukomo wa miaka 20, na kwa mauaji ya enzi ya Hitler hesabu ilielekea kukatika tarehe 8 Mei 1965. Bunge likaamua miaka ya 1945 hadi 1949 isihesabiwe, kwa kuwa mahakama za nchi zilikuwa hazifanyi kazi yake huru. Baadaye ukomo ukapandishwa hadi miaka 30, na mwaka 1979 ukafutwa kabisa kwa kosa la mauaji. Mahakama ya Katiba ilibariki hatua ya kwanza mwaka 1969. Sheria hiyo ya kwanza ina tarehe 13 Aprili 1965, siku 25 kabla ya ukomo. Ingetoka Juni, ingewakuta pale pale ilipowakuta Kalifornia.