Ficha mshono: maswali yenu kuhusu katuni fupi zinazojirudia

Nimechora gurudumu la baiskeli linalozunguka kwa sekunde nne. Fremu ya kwanza na ya mwisho zinafanana kabisa, lakini kila likirudi mwanzo linashtuka kidogo. Nimekosea wapi? (Msomaji, Arusha)

Umekosea hapohapo ulipodhani umepatia. Fremu ya mwisho haitakiwi kufanana na ya kwanza. Inatakiwa kuwa hatua moja kabla yake.

Tuhesabu. Sekunde nne kwa fremu 30 kila sekunde ni fremu 120, nazo zinaanza kuhesabiwa kwenye 0 na kuishia kwenye 119. Gurudumu likizunguka nyuzi 360, kila fremu inasogea nyuzi 3, kwa hiyo fremu ya 119 inapaswa kusimama kwenye 357. Video ikirudi mwanzo, jicho linaona 357 kisha 360, yaani 0, na mwendo unaendelea. Wewe umeweka 360 kwenye fremu ya 119, kwa hiyo mtazamaji anaona picha ileile mara mbili mfululizo. Ni sehemu ya 30 ya sekunde tu, lakini jicho linaidaka.

Kwenye After Effects, refusha komposisheni iwe sekunde tano, weka alama ya mwisho ya mwendo kwenye fremu ya 120, kisha rudi hadi fremu ya 119 na ubonyeze N ili eneo la kazi liishie hapo. Utoe fremu 0 hadi 119 tu. Ile ya 120 ipo kwa ajili ya hesabu, haitoki nje.

Kama bado linashtuka, angalia kama umeweka Easy Ease. Inapunguza kasi hadi sifuri kwenye alama, kwa hiyo gurudumu lako linafunga breki mwishoni na kuanza kuondoka upya mwanzoni. Picha zinaungana, kasi haiungani. Kwa kitu kinachozunguka bila kusimama, rudisha alama zote mbili ziwe Linear.

Kuna jaribio moja ninalolifanya kila mara: naweka nakala mbili za kazi moja zikifuatana, nasogea fremu moja moja kwa Page Down, na kutazama kiungo. Hatua ya kutoka 119 kwenda 0 iwe na ukubwa uleule wa hatua ya kutoka 118 kwenda 119. Ikiwa ndogo, kubwa au haipo, mshono umeonekana.

Nina jahazi linaloyumba, mawimbi ya mbele, mawimbi ya nyuma na bendera. Kila kimoja peke yake kinajirudia vizuri. Nikiviweka pamoja, kuna kimoja lazima kiruke. (Msomaji, Mombasa)

Kila kitu kina mzunguko wake, na video ina wake. Sharti ni moja: ndani ya urefu wa video, kila kitu kimalize mizunguko kamili. Mmoja, miwili, mitano, upendavyo, lakini si mmoja na nusu. Bendera inayopepea kila fremu 50 ndani ya fremu 120 itakatwa katikati ya mpepeo wa tatu. Ifanye 40, ipepee mara tatu, au 60, ipepee mara mbili.

Kwa jahazi lako ningepanga hivi. Chora wimbi moja lenye upana wa pikseli 300, ulirudie mara tano ili tabaka liwe na pikseli 1500. Skrini ina 1080, kwa hiyo una ziada ya kutosha kuteleza pikseli 300 bila ukingo kuonekana. Mawimbi ya mbele yateleze pikseli 300 kwa fremu 60, kisha uandike `loopOut("cycle")` kwenye Position ili yarudie mara mbili. Ya nyuma yateleze 300 zilezile kwa fremu 120. Ya nyuma yanakwenda polepole, bahari inapata kina, na yote yanafika nyumbani kwa wakati mmoja.

Kuyumba kwa jahazi usikuwekee alama kabisa. Weka hii kwenye Rotation:

```
4 * Math.sin(time / 4 * 2 * Math.PI)
```

Linainama nyuzi 4 kila upande na kumaliza myumbo mmoja kwa sekunde 4. Uzuri wake ni kwamba mwanzo na mwisho vinalingana kwa pembe na kwa kasi pia, kwa hiyo ile shida ya breki haipati nafasi. Ukitaka jahazi lipande na kushuka na wimbi la mbele, tenganisha Position kwa Separate Dimensions, kisha tumia fomula hiyohiyo kwenye Y Position lakini ugawe kwa 2 badala ya 4 na utangulize `value +`, la sivyo jahazi litarukia juu ya skrini: `value + 4 * Math.sin(time / 2 * 2 * Math.PI)`.

Moshi wa jiko la mkaa unanishinda. Nikitumia kurudi nyuma, moshi unaingia tena jikoni! (Msomaji, Morogoro)

Nimecheka, maana nami nimewahi kuuza moshi wa namna hiyo kwa mteja. Kwenda na kurudi kunafaa kwa pendulamu au mtoto kwenye bembea. Moshi, maji na watu wanaotembea vinakusaliti papo hapo.

Moshi wa Fractal Noise una kisanduku cha Cycle Evolution. Kitie tiki, weka mzunguko 1, na Evolution iende duru moja kamili. Utageuka na kurudi bila kuruka. Kasoro yake ni kwamba kisanduku hicho hakisaidii upande wa Offset Turbulence, na hiyo ndiyo inayoufanya moshi upande juu.

Kwa hiyo kwa moshi unaopanda mimi huukata na kuugeuza. Toa moshi wa sekunde 5, ukianza kurekodi baada ya moshi kujaa, si wakati jiko ndiyo kwanza linawaka. Ukate katikati, kwenye 2.5. Nusu ya pili itangulie, ya kwanza ifuate, na zipandane kwa sekunde 1 huku moja ikififia na nyingine ikijitokeza. Unabaki na sekunde 4. Mwisho wa video sasa ni pale ulipokata, na mwanzo wake ni fremu inayofuata palepale ulipokata, kwa hiyo kiungo ni halisi. Mshono umehamia katikati, ndani ya moshi, ambako moshi juu ya moshi hauonekani. Usijaribu kwa jahazi: utapata majahazi mawili kama mzimu.

Video iko sawa, ila nikiitoa kama GIF inakwenda mbio. (Msomaji, Kampala)

GIF hupima muda wa kila fremu kwa sehemu za mia za sekunde, namba kamili tu. Fremu 30 kwa sekunde zinahitaji 3.33, programu inakata kuwa 3, na sekunde zako 4 zinakuwa 3.6. Fanya kazi kwa fremu 25: kila moja inachukua 4 kamili, na sekunde 4 zinakuwa fremu 100. Badilisha tangu mwanzo, si wakati wa kutoa.

Je, muziki nao unaweza kuungana? (Msomaji, Muscat)

Kwa hesabu, ndiyo: mapigo 120 kwa dakika yanakupa mapigo 8 kamili katika sekunde 4. Kwa vitendo, sauti ya AAC iliyo ndani ya MP4 huongezewa ukimya mfupi sana mwanzoni inaposimbwa, na baadhi ya simu husita kidogo kabla ya kurudi. Mimi huweka sauti ya upepo au bahari badala ya ngoma, na faili lenyewe narudia mzunguko mara nne ndani yake. Kusita huko kunakuja kila sekunde 16 badala ya kila 4.