Akidi ni nusu ya wanachama gani?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha wavuvi hapa Tongoni, Tanga. Kwenye taarifa ya mkutano mkuu wa mwaka nimeandika: "Akidi ni nusu ya wanachama. Asiyeweza kufika atume mwakilishi kabla ya siku mbili. Tafadhali hudhuria bila kukosa." Mwekahazina anasema nimeacha mianya. Ipo wapi?*

Marahaba, Ndugu Katibu. Mwekahazina wako ana macho.

Mwanya mkubwa upo kwenye "wanachama". Tuseme daftari lenu lina majina 125, na waliolipa ada ni 90. Nusu ya daftari ni 62 na nusu, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, wanahitajika 63. Nusu ya waliolipa ni 45. Wakifika watu 50, mmoja atasema mkutano ni halali, mwingine atataka watu warudi makwao, na sentensi yako itawaunga mkono wote wawili. Tazama katiba ya chama inasemaje, kisha uandike vivyo hivyo: "wanachama wasiopungua nusu ya waliolipa ada". Usikimbilie "wanachama hai", maana wapo watakaoelewa kwamba ni wote ambao hawajafariki. Ukiandika "zaidi ya nusu", hesabu inabadilika: 45 hawatoshi tena, lazima wawe 46.

Neno "mwakilishi" nalo halisemi amekuja kufanya nini. Mtu anaweza kumtuma mwanawe aje kusikiliza tu na kumpelekea habari, naye ni mwakilishi vilevile. Wengine huandika "wakala", lakini kwetu neno hilo huwakumbusha watu wakala wa chama cha siasa kituoni, ambaye husimamia kura asiipige kwa niaba ya mtu. Kama katiba yenu inaruhusu jambo hili, andika: "mwakilishi mwenye idhini ya maandishi ya kupiga kura kwa niaba yake". Eleza pia kama lazima awe mwanachama, na kama anayewakilishwa anahesabiwa kwenye akidi. Wakija 50 wakiwa na fomu za wenzao 15, hao 15 wakihesabiwa mnafika 65, na hata ile akidi ya 63 inatimia.

"Kabla ya siku mbili" wengi wataielewa kuwa siku mbili hazijapita tangu waisome taarifa. Ulikusudia "siku mbili kabla ya mkutano", ila taja siku yenyewe: "fomu zimfikie Katibu kabla ya saa 10:00 jioni, Alhamisi", ikiwa mkutano ni Jumamosi.

"Bila kukosa" ifute. Huwezi kumwambia mtu asikose, na hapo hapo umfundishe namna ya kukosa.

Ajenda hukuniletea, nami sitaidadisi sana. Ila kama mnakusudia kupandisha ada, msiifiche chini ya "Mengineyo". Iandikwe peke yake: "Kujadili na kupitisha kiwango kipya cha ada."