Chupa ya kupeleka kwa wakwe

"Jumamosi naenda kula kwa wazazi wa mchumba wangu mara ya kwanza, fedha si nyingi. Nibebe mvinyo gani?"

Chukua mvinyo mweupe usio mtamu wa Afrika Kusini, wa zabibu ya Chenin Blanc. Nimeuza vinywaji kwa miaka minane, na huo ndio ninaompendekezea mteja kwa bei ndogo, kwa sababu zabibu hiyo hulimwa huko kuliko nyingine zote, na uchachu wake mwepesi hupatana na kuku wa nazi, samaki na hata pilau. Ndugu mwingine aliyejibu swali hili akisema mwekundu ndio wa heshima yuko sahihi ikiwa kuna nyama choma, ila mwekundu wa bei ya chini mara nyingi hukausha ulimi, na pilipili huuzidisha ukali huo. Dada aliyeeleza kuhusu wakwe zake kupenda Dompo ya Dodoma hajakosea, lakini ule ni mtamu na hunywewa vizuri zaidi baada ya chakula.

Dukani usichukue chupa iliyosimama dirishani juani. Kizibo kikiwa kimejisukuma nje kidogo, au shingo ikinata, mvinyo huo umekwisha kupata joto. Mimi hupendelea kifuniko cha kusokota, ili mwenyeji asihangaike kutafuta kifaa cha kuzibulia. Iweke kwenye friji saa mbili kabla ya kuondoka. Kwanza kabisa, muulize mchumba wako kama wazazi wake wanakunywa.